Kikombe cha kahawa ya maziwa kinakugharimu shilingi ngapi?

*Shikamoo mwalimu. Nauza kahawa ya maziwa barazani kwangu karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi. Napika maji lita 7 na maziwa lita 5, natia kahawa robo kilo, vinatoka vikombe kama 60. Kikombe Sh 500, anayenywea hapa na anayebeba kwenye cha karatasi bei moja. Maziwa lita Sh 1,800, sukari kilo Sh 3,000, kahawa mbichi kilo Sh 14,000 nakaanga mwenyewe, mkaa Sh 2,000 kwa siku. Vikombe vya karatasi 50 ni Sh 5,000, vifuniko vyake 50 ni Sh 3,000. Hela naiona kila siku lakini mwezi ukiisha sina kitu. Mmoja ananiambia nipandishe hadi 600, mwingine ananiambia nipunguze kahawa. Nifanyeje?*

Marahaba, dada. Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kwa bei ulizoniandikia, anayenywea barazani kwa Sh 500 anakulipa vizuri tu. Anayekuangusha ni yule anayeondoka na kikombe cha karatasi: yeye unamwongezea kidogo kutoka mfukoni mwako kila anapopita. Nitakuonyesha hesabu hatua kwa hatua, ili bei zikibadilika uirudie mwenyewe.

Kwanza tuiweke sawa hii ya kuona hela kila siku. Maziwa unanunua kila siku, sukari labda mara tatu kwa wiki, kahawa mara moja kwa wiki, vikombe vya karatasi unapita dukani mara mbili au tatu kwa mwezi. Siku ambayo umenunua maziwa na mkaa tu, kopo linaonekana limejaa, nawe unachota mboga, nauli ya mtoto, mchango wa harusi. Kumbe siku hiyohiyo umetumia kahawa ya wiki iliyopita na vikombe vya wiki mbili nyuma, na hivyo vyote vinadai. Ndiyo maana gharama haihesabiwi kwa ulichonunua leo bali kwa ulichotumia leo, hata kama kilinunuliwa zamani. Ukiishika hiyo, mengine ni kuzidisha na kugawanya.

Tuanze na kahawa, maana ndiyo wengi wanaikosea. Kilo ya kahawa mbichi haizai kilo ya unga. Punje mbichi ina maji ndani yake, kama sehemu moja kwa kumi au zaidi kidogo, na yakikaangwa yanatoka pamoja na moshi na yale maganda mepesi yanayopeperuka. Ukikaanga ya kahawia ya kati unapoteza kama asilimia 15 ya uzito. Ukiipeleka hadi iwe nyeusi na kung'aa mafuta, unakaribia asilimia 20. Ongeza punje mbovu na vijiwe unavyochagua, na unga unaobaki kwenye kinu au mashine. Mimi ningekushauri uhesabu kwamba kilo inakuachia gramu 800. Mkaa wa kukaangia na gharama ya kusaga tuviweke Sh 1,200 kwa kilo. Basi Sh 15,200 zimekupa gramu 800, na gramu moja ya unga ni Sh 19. Kama ungeigawanya Sh 14,000 kwa gramu 1,000 ungepata Sh 14, na hiyo tofauti ya Sh 5 kwenye robo kilo ni zaidi ya Sh 1,200 kila asubuhi ambazo hukujua zinakwenda wapi.

Robo kilo yako basi ni Sh 4,750 kwa siku. Ukiigawa kwa vikombe ni kama gramu 4 kwa kikombe, na hiyo si nyingi. Huyo anayekwambia upunguze kahawa hajaipima. Ukishuka hadi gramu 3, mteja wa alfajiri anayetaka kuamka ataisikia kabla hajamaliza kikombe, na wewe utakuwa umeokoa kama Sh 20.

Maziwa: lita 5 kwa Sh 1,800 ni Sh 9,000. Itazame hiyo namba, ni karibu mara mbili ya kahawa. Anayeuza kahawa ya maziwa anauza maziwa kwanza, kahawa inafuata. Yule mzee wa kahawa chungu mwenye dele lake na vikombe vidogo vya kauri anaweza kuuza kwa bei ndogo sana akapata faida, kwa sababu hana maziwa, hana sukari (kashata ana bei yake), na kikombe chake ni mafunda machache. Usijilinganishe naye. Biashara zenu zinafanana jina tu.

Kwenye maziwa kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kipimo cha muuzaji. Nunua jagi lenye mistari ya mililita, mimina ndani yake lita yake mbele yake, mara moja tu, kwa adabu. Povu likitulia utaona kama ni mililita 1,000 au 920. Ikiwa ni 920, basi maziwa yako hayana bei ya Sh 1,800, yana bei ya karibu Sh 1,960. La pili ni maji. Maziwa yaliyoongezwa maji yanaifanya kahawa iwe ya kijivu na nyepesi mdomoni, nawe bila kujua unaanza kutia lita 5 na nusu ili rangi irudi. Ukiona kiasi cha maziwa kinapanda wakati idadi ya wateja ni ileile, mshuku muuzaji kabla ya kujishuku wewe.

Sukari umesema wateja wanajitilia? Hukusema, lakini barazani ndivyo ilivyo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4. Lakini hakuna anayesawazisha. Kijiko chenye kichuguu ni gramu 6 hadi 7, na watu wanatia viwili. Hiyo ni kama gramu 13 kwa mtu. Kwa wateja wako wote, pamoja na inayomwagika mezani na kulowana, weka robo tatu ya kilo kwa siku, Sh 2,250. Kama una mizani ya jikoni, pima bakuli la sukari asubuhi na ulipime tena ukifunga. Njia rahisi ya kuipunguza bila kugombana na mtu ni kubadilisha kijiko: weka kijiko kidogo chenye mpini mrefu badala ya kile kipana. Watu huhesabu vijiko, hawahesabu gramu.

Mkaa Sh 2,000 nimeupokea kama ulivyouandika. Maji ya kupikia na kuoshea, pamoja na sabuni, tuweke Sh 500.

Jumla ya kilichoingia kwenye sufuria na meza kwa asubuhi moja:

Kahawa Sh 4,750
Maziwa Sh 9,000
Sukari Sh 2,250
Mkaa Sh 2,000
Maji na sabuni Sh 500
Jumla Sh 18,500

Sasa tunafika mahali ambapo hesabu za wengi hupotea, nayo ni kugawanya. Sh 18,500 zigawanywe kwa ngapi? Wewe umesema vikombe kama 60. Naamini umevipata kwa kichwa: lita 12, kikombe cha mililita 200, basi 60. Lakini lita 12 zilizoingia si lita 12 zinazotoka. Machicha ya kahawa yanashika maji, kama mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo robo kilo inabaki na karibu nusu lita. Mvuke wa kuchemsha na wa sufuria kukaa motoni unachukua nyingine kama mililita 800. Unabaki na lita 10.7 hivi. Kinachokuokoa ni kwamba hujazi kikombe hadi mdomoni, unaacha nafasi ya sukari na ya kushika, unamimina kama mililita 180. Hivyo vinatoka vikombe 59, na hesabu yako ya kichwani inaonekana kama ilikuwa sahihi.

Ila vilivyotoka si vilivyolipwa. Kimoja ni chako. Kimoja cha mlinzi anayekuangalizia meza. Kimoja kimemwagika mtu wa bodaboda alipoitwa na abiria. Viwili ni vya mkopo wa "kesho dada" ambao kesho hapiti. Na saa 4 inapofika kuna kilichobaki kwenye sufuria, kimekuwa kizito na kina harufu ya maziwa yaliyoungua, unawapa watoto wa jirani. Kwa wauzaji wa kiasi chako si ajabu vikombe saba au vinane kupotea hivyo. Nitachukua kwamba wanaokulipa ni 52. Wewe utaipata yako ya kweli, nitakuonyesha jinsi.

Ukigawanya Sh 18,500 kwa 60, kikombe ni Sh 308. Ukigawanya kwa 52, ni Sh 356. Hiyo Sh 48 ndiyo bei ya vikombe ambavyo hakuna aliyelipa, na wale 52 ndio wanaovibeba. Kugawanya kwa vilivyotoka ni kujidanganya. Gawanya kwa vilivyolipwa, kila mara.

Ili kuvihesabu usitegemee kumbukumbu, maana saa 12 asubuhi kuna watu sita mezani na basi la Dar linapiga honi. Weka kopo mbili chini ya meza, moja ina maharage. Kila pesa ikiingia mkononi, harage moja linahama kopo. Si kikombe kikitoka, ni pesa ikiingia. Mkopo haumo hadi ulipwe. Ukifunga, hesabu maharage, zidisha kwa bei, linganisha na fedha. Vya karatasi hesabu vilivyokuwapo asubuhi na vilivyobaki. Fanya hivyo kwa wiki nzima, pamoja na Jumapili, halafu tumia wastani wake. Siku moja haitoshi kwa sababu siku ya mvua na siku ya mwisho wa mwezi hazifanani.

Tuje kwenye kikombe chenyewe. Cha kauri au cha glasi kinaoshwa, gharama yake ni kuvunjika tu, na nimeiweka mbele kidogo kwenye fungu la vyombo. Cha karatasi ni Sh 100, kifuniko Sh 60, kijiti cha kukorogea na kipande cha tishu weka Sh 10. Hizo ni Sh 170 juu ya Sh 356. Kahawa uliyompa mtu akaondoka nayo imekugharimu Sh 526, naye amekupa Sh 500.

Na bado hapo sijahesabu jambo moja ambalo nimeliona kwenye meza nyingi. Vile vikombe vyembamba vya pakiti ya Sh 5,000 vinaunguza vidole. Mteja anashika, anaachia, anasema "niwekee kingine nje", nawe unamwekea. Hapo kikombe chake kimekuwa cha Sh 626. Tazama hesabu yako ya pakiti: kama siku umeuza vya kubeba 20 na pakiti imepungua 28, basi wanane walivaa viwili viwili. Vingine hutoka vikiwa vimeshikana na unavitupa bila kuona. Vipo vikombe vya ukuta mnene ambavyo ni ghali zaidi kwa kimoja lakini havihitaji mwenzake. Ulizia bei ya pakiti, na ikiwa kimoja hakifiki Sh 150, vichukue.

Sasa weka siku nzima pamoja. Wateja 52, kati yao 20 wa kubeba, kila mmoja Sh 500: Sh 26,000. Toa Sh 18,500 za sufuria. Toa Sh 3,400 za karatasi na Sh 800 za wale wanane. Unabaki na Sh 3,300. Umeamka kabla ya saa 10 kuwasha jiko, umesimama hadi saa 4, na mchana umekaanga na kusaga. Hizo Sh 3,300 ndizo unazosema huzioni mwisho wa mwezi, na sishangai, maana nguo ya shule moja inazimaliza.

Wengi wanaishia hapa wanaziita faida. Mimi siziiti hivyo mpaka wewe mwenyewe uwe umelipwa. Jiulize ungemlipa nani asubuhi hizo zote akushikie meza na kwa kiasi gani. Tuseme Sh 6,000. Ongeza Sh 1,000 kwa siku kwa ajili ya vyombo: glasi zinazovunjika, jiko linalotoboka, chupa ya chai ambayo kioo chake cha ndani kikipasuka umeipoteza yote, sufuria, meza. Hizo Sh 7,000 kwa wateja 52 ni Sh 135 kwa kila mmoja.

Basi bei ya kweli ni hii. Anayenywea barazani: 356 na 135, Sh 491. Unauza 500. Imetosha, ingawa kwa Sh 9 tu. Anayebeba: 526 na 135, Sh 661, na akitaka viwili Sh 761. Unauza 500. Hapo ndipo panapovuja.

Kwa hiyo kupandisha kila kitu hadi 600 kungewaadhibu wateja wa benchi, wale wa kila siku, kwa kosa lisilo lao, na bado anayebeba asingelipa gharama yake. Tenganisha bei. Hilo ndilo jibu langu kwako.

Ya barazani iache Sh 500. Ya kubeba kubwa, mililita 180 na kifuniko, iwe Sh 800. Najua utasema 700, na kwa karatasi 700 inazidi 661. Lakini inakuachia Sh 39, na mteja mmoja akiomba kikombe cha pili umerudi kwenye hasara. Pia kuna chenji. Mtu wa basi anakupa noti ya Sh 1,000. Kwa 800 unamrudishia sarafu moja ya 200, kwa 700 unatafuta 300, na alfajiri hakuna mwenye sarafu. Bei ambayo huwezi kuirudishia chenji haraka itakufanya uwaachie watu shilingi mia mia, na hizo nazo ni gharama.

Wapo watakaosema 800 ni nyingi, na wengine wataondoka kweli. Kwa ajili yao weka kikombe kidogo cha karatasi, kile cha mililita 120, kwa Sh 500. Hapa kuna namba moja ya kuibeba kichwani: vikombe 52 vya mililita 180 ni mililita 9,360, na Sh 18,500 ukizigawa humo unapata karibu Sh 2 kwa kila mililita moja inayolipwa. Kila kikombe utakachowahi kukileta mezani, kipime kwa maji hadi pale unapomimina, zidisha kwa 2, umeshajua kilichomo ndani. Kidogo hicho ukimimina mililita 110 ni Sh 220. Kikombe chenyewe bila kifuniko tuseme Sh 80. Jumla Sh 300, na ile 135 yako inafika Sh 435. Sh 500 inaingia bila shida. Faida ya njia hii ni kwamba kwenye biashara ya fedha mkononi bei hupanda kwa ngazi, 500, 800, 1,000, wala huwezi kuuza 655. Kikombe ndicho kinachoweza kupanda na kushuka mililita kumi kumi bila kumsumbua mtu.

Tuone siku yako ingekuwaje. Tuseme umepoteza wawili kabisa, na wawili wamehamia benchi. Barazani 34 kwa Sh 500 ni 17,000. Kidogo cha kubeba 8 kwa Sh 500 ni 4,000. Kikubwa 8 kwa Sh 800 ni 6,400. Umeingiza Sh 27,400. Kahawa iliyotoka ni kama lita 8.4, kwa Sh 2 kwa mililita ni kama Sh 16,900. Karatasi: 640 za vidogo na 1,360 za vikubwa, Sh 2,000. Unabaki na kama Sh 8,500. Ile 7,000 yako na ya vyombo imo, na juu yake kuna Sh 1,500 ambazo hizo sasa naweza kuziita faida. Wateja wamepungua, kazi imepungua, fedha imeongezeka.

Ila sharti lake ni moja: upike kidogo. Ukiendelea kupika lita 12 huku unauza mililita chache zaidi, tofauti yote inaishia kwa watoto wa jirani. Shusha hadi lita 11. Na ningependa zaidi upike mara mbili, lita 7 alfajiri, halafu saa 1 na nusu uangalie foleni ndipo uamue kama unaongeza lita 4 au 2. Maziwa ambayo hayajachanganywa na kahawa yanaweza kuchemshwa na kunywewa nyumbani. Yakishachanganywa na kukaa saa tatu hayana mnunuzi.

Hapa ndipo moto unapoingia, kwa sababu tatizo la moto kwako si bei ya mkaa tu. Sufuria ikikaa jikoni wazi kuanzia saa 11, inachemka polepole, maziwa yanashika chini, na lita inapungua. Nusu lita iliyopanda hewani ni karibu vikombe vitatu. Ukishachuja, mimina kwenye chupa za chai kubwa mbili, funika, punguza moto ubaki wa kuchemshia maji tu. Chupa nzuri inashika joto la kunyweka kwa asubuhi yote. Isuuze kwanza kwa maji ya moto, la sivyo inaiba joto la kahawa yenyewe.

Kama unafikiria gesi, fanya hivi kabla ya kuamua. Kuchemsha lita moja kwenye jiko la gesi, sufuria ikiwa imefunikwa, kunataka kama gramu 15 za gesi. Lita 12 ni gramu 180, lakini hakuna anayepika kwa ukamilifu huo. Na kuchemsha maziwa polepole, kupasha na upepo wa barazani, weka gramu 350. Chukua bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 mtaani kwako, igawanye kwa 6,000, zidisha kwa 350. Kwa mtungi unaojazwa kwa Sh 24,000 unapata Sh 1,400 kwa siku, chini ya mkaa wako. Uipime usiamini karatasi yangu: mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, uweke juu ya mizani Jumatatu asubuhi na Jumamosi ukifunga, tofauti igawanye kwa siku. Upepo ndio adui wa gesi barazani. Mwali ukilala upande na kuwa wa njano badala ya buluu, na masizi yakianza kuonekana chini ya sufuria, unalipia gesi ambayo haipiki. Kinga jiko kwa bati pande tatu, mtungi ukibaki nje ya kinga hiyo, mbali na joto.

Bei zitabadilika, na watu hupandisha kwa hofu. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari ilipanda sana, na meza nyingi zilipandisha kikombe kwa Sh 100 mara moja. Kwa hesabu yako, sukari ikitoka 3,000 hadi 4,000, kikombe kinapanda kwa Sh 14. Kahawa nayo: bei ya arabika kwenye soko la dunia ilivunja rekodi Februari 2025, na mbichi inapanda hadi kwa wauzaji wa hapa. Kilo mbichi ikipanda Sh 2,000 kwako ni Sh 12 kwa kikombe. Lakini maziwa yakipanda Sh 200 tu kwa lita, kiangazi kikikaza, ni Sh 19. Kwa hiyo bei ya kuichunga kuliko zote ni ya maziwa, nayo ndiyo itakayoimaliza ile Sh 9 yako ya barazani.

Siku lita itakapofika Sh 2,000, usichanganye maji zaidi na usipunguze kahawa. Badilisha glasi za barazani, tafuta zinazomiminwa mililita 165 badala ya 180. Mililita 15 kwa Sh 2 ni Sh 30, inazifunika zile 19 na bado inabaki kidogo, na ladha ni ileile. Maziwa yakipita Sh 2,200, hapo glasi haitoshi tena. Hapo ndipo 600 ya yule aliyekwambia upandishe inapoanza kuwa na maana, nawe utakuwa na daftari la maharage la kukuonyesha ni wateja wangapi unaweza kuwapoteza kabla haijakuumiza.